Vocha ya mbolea ya ruzuku kwenye simu: safari nzima kutoka daftari la kijiji mpaka mfuko unaotoka dukani

Mimi nauza pembejeo huku Nyanda za Juu Kusini, duka dogo tu lenye stoo nyuma, na kila ikifika Novemba mvua zikianza kugonga mabati napata watu wa aina moja kuliko wote: mtu amesimama kaunta na hela mkononi, mbolea anaiona pale nyuma yangu imepangwa mpaka juu, na bado namwambia mama pole, mfumo umekataa. Anaondoka akidhani nimemnyima. Ndo maana nimekaa niandike hii kitu yote mwanzo mpaka mwisho, jinsi vocha inavyotoka serikalini ikamfikia mkulima, na jinsi inavyogeuka kuwa mfuko wa DAP begani, maana karibu kila tatizo linalolipuka dukani kwangu lilishapikwa miezi mitatu nyuma kwenye ofisi ya kijiji.

Naongelea ruzuku ya mbolea ya Tanzania, hii iliyoanza msimu wa 2022/23, ile Rais Samia aliyoizindua Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, inayosimamiwa na TFRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao inayofanana fanana, meseji inaingia kwenye simu mkulima anaenda kuchukua, ila utaratibu wao una mambo yake sitaugusa hapa.

Kwanza elewa vocha yenyewe ni nini

Wale wa zamani kidogo mnakumbuka vocha za karatasi, zile zilizoanza 2008/09. Kamati ya vocha ya kijiji inakaa, inachagua kaya, unapewa karatasi, moja ya mbolea ya kupandia, moja ya kukuzia, moja ya mbegu, za kutosha ekari moja. Unaenda nayo kwa wakala, unaongezea hela yako, unachukua mzigo, wakala anapeleka ile karatasi benki ya NMB analipwa. Nzuri kwenye maelezo, ila karatasi inauzika. Mtu ana njaa Desemba, mtoto anaumwa, wakala mjanja anamwambia lete hiyo vocha saini hapa nikupe hela kidogo, mbolea haitoki stoo, serikali inalipa, shamba linabaki bila kitu.

Sa hivi karatasi hamna. Watu wengi wanadhani vocha ni ile meseji iliyoingia kwenye simu, sasa meseji ikifutika anachanganyikiwa kabisa. Sio hivyo. Vocha ni mstari wako kwenye daftari la wakulima la kidijitali: jina lako, kitambulisho chako, namba yako ya simu, kijiji shamba lilipo, zao, na ukubwa wa shamba. Huo mstari unapewa namba ya mkulima, na kutokana na ekari ulizoandikisha mfumo unakuwekea kiasi cha mbolea unachostahili kununua kwa bei ya ruzuku. Meseji inakutajia tu hiyo namba. Ukifuta meseji namba ipo palepale, mtendaji anaweza kukutafutia. Lakini mstari ukiandikwa vibaya, hata uwe na meseji kumi hazikusaidii.

Kujiandikisha, hapa nakaa kidogo

Unaenda ofisi ya serikali ya kijiji, kama uko mjini ofisi ya mtaa. Unabeba kitambulisho cha NIDA au namba ya NIDA kama kadi haijatoka, na kama huna hicho unauliza kitambulisho gani kingine wanapokea, na unabeba simu yenyewe, sio namba uliyoandika kwenye kikaratasi. Narudia, beba simu. Mwandikishaji anajaza taarifa, zinaenda kwenye mfumo, zinapitiwa na wahusika wa kijiji ambao wanakujua kweli kama wewe ni mkulima na shamba unalo, halafu ndo namba inatoka.

Kuna vitu vinne ambavyo nataka uvisimamie mwenyewe usimwachie mwandikishaji, sio kwamba ni mtu mbaya, ila ana foleni ya watu sitini na jua linawaka.

Jina. Liwe kama lilivyo NIDA, herufi kwa herufi. Kijijini watu wanakuita Mama fulani au jina la ubatizo ambalo halipo kwenye kitambulisho, ukiandikwa hilo, siku ukifika kwangu na kitambulisho naona majina mawili tofauti na mimi siwezi kuamua kwamba ni mtu mmoja, nikiuza na ikaja kukaguliwa naonekana nimeuza kwa mtu hewa.

Namba ya simu. Hii ndo inaongoza kwa kuumiza watu. Iwe laini yako, iliyosajiliwa kwa jina lako, na uwe nayo mkononi siku ya kununua. Msimu mmoja alikuja mama mmoja, amepanda bodaboda kutoka kijiji cha mbali, nauli elfu tatu kuja elfu tatu kurudi. Namba ya mkulima anayo, kitambulisho anacho, hela anazo zimefungwa kwenye kitambaa. Naingiza namba, mfumo unatuma namba za kuhakiki kwenye simu iliyosajiliwa, tunasubiri, hamna kitu. Namwambia mama angalia simu yako, anaangalia hamna. Nasoma tarakimu za mwisho za ile namba iliyopo kwenye mfumo, mama anashtuka, "Hiyo ni ya kijana wangu, yuko Dar." Wakati wa kujiandikisha yeye hakuwa na simu, kijana alikuwa likizo nyumbani, wakaandika ya kijana. Tukampigia, haipokelewi, kijana yuko zamu ya usiku mchana analala. Alipokuja kupokea saa kumi jioni zile namba zilishapitwa na muda, ikabidi nianze upya, na mtandao nao ukakata. Mama alirudi bila mbolea, siku imeisha, elfu sita imeenda, na alikuwa ameshajipanga kichwani kwamba kesho anapanda. Kilichomsaidia ni kurudi kwa mtendaji kubadilisha namba iwe ya kwake, na alinunua wiki iliyofuata. Wiki moja kwenye mahindi sio kitu kidogo.

Ekari. Andika unazolima kweli msimu huu. Kuna watu wanapunguza wakidhani kuna kodi inakuja, kuna wengine wanaongeza wapate mifuko mingi. Ukipunguza, mfumo unakupa ya hizo ulizosema, ukimaliza umemaliza, mimi dukani sina kitufe cha kuongeza. Ukiongeza, unajiweka kwenye orodha ya watakaohojiwa. Na kitu ambacho wengi wanasahau, ekari za kukodi nazo ni za msimu huu kama unazilima, mueleze mwandikishaji na kijiji kilipo hilo shamba.

Kuhuisha taarifa. Kujiandikisha mwaka jana hakumaanishi umemaliza maisha. Msimu mpya wa mbolea unaanza kuhesabiwa Julai, na kuanzia hapo ndo muda wa kwenda kwa mtendaji kuuliza niko kwenye orodha? ekari zangu ni zilezile? simu ni ileile? Nenda Julai au Agosti ofisi iko tupu. Ukienda Novemba mvua imeshanyesha utakuta kijiji kizima kipo pale na mtandao umezidiwa.

Ukishapata namba ya mkulima iandike kwenye daftari la nyumbani, au nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto kama anavyofanya mteja wangu mmoja, popote ambapo haitapotea. Ila usiibandike ukutani dukani kwa mtu na usimpe mtu "akusaidie kununua", nitaeleza mbele kwa nini.

Kumtambua wakala halali

Sio kila duka lenye mifuko ya mbolea nje linauza ya ruzuku. Wakala lazima awe na leseni ya TFRA ya biashara ya mbolea, awe amepata mafunzo ya utunzaji wa mbolea, stoo yake iwe imekaguliwa, na juu ya hayo awe ameunganishwa kwenye mfumo wa ruzuku na akaunti yake. Kuna maduka yana leseni lakini hayapo kwenye mfumo, huyo atakuuzia kwa bei ya kawaida na hajavunja sheria, wewe tu ndo umekosa ruzuku yako. Sehemu nyingi AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, nazo zimefanywa vituo vya kuuzia, na hiyo imepunguza sana umbali kwa watu wa ndani huko.

Ukitaka kujua haraka, muulize swali moja tu: nikikupa namba yangu ya mkulima unaweza kuniangalizia salio? Aliye kwenye mfumo atachukua simu yake ataingiza namba atakwambia bado una mifuko mingapi. Asiye kwenye mfumo ataanza stori, "We lipa tu, namba nitaingiza baadaye." Hapo toka.

Na bei. Msimu wa kwanza 2022/23 bei zilikuwa zimenyooka kwa mfuko wa kilo 50: DAP elfu 70, Urea elfu 70, NPK elfu 70, CAN elfu 60, SA elfu 50. Baada ya hapo bei inategemea tangazo la msimu husika, TFRA inatoa bei elekezi na unatakiwa kuikuta imebandikwa dukani. Kama haijabandikwa iulize kwa afisa ugani kabla hujatoa hela. Akikuongezea elfu tano "ya usafiri" juu ya iliyotangazwa, hiyo sio ruzuku tena ni yeye anajipa.

Siku ya kununua, kaunta yangu inavyofanya kazi

Sasa hapa nakuonyesha mimi nafanyaje, ili ukikaa upande wa mkulima ujue kila kidole changu kinafanya nini, na kama wewe ni wakala mpya uone mpangilio, maana mpangilio wenyewe ndo ulinzi.

Mteja anafika, tunasalimiana, namuomba namba ya mkulima na kitambulisho. Naingiza namba kwenye mfumo kwa simu yangu. Inafunguka na jina. Nalisoma kwa sauti, "Mama, wewe ndo fulani wa kijiji fulani?" Akiitikia, nalinganisha na kitambulisho. Hii inachukua sekunde kumi na imeniokoa mara nyingi, kuna mzee alinipa namba yenye tarakimu moja imekosewa ikafungua jina la mtu wa kijiji kingine kabisa, ningeuza pale ningekuwa nimekata salio la mtu asiyejua.

Baada ya jina namwambia salio lake kabla ya kitu kingine chochote. Sio akiuliza, namwambia tu. Halafu anachagua aina na idadi.

Hapo sasa inakuja kuhakiki kwamba mwenye vocha yupo na amekubali. Inafanyika kwa namba za kuhakiki zinazotumwa kwenye simu yake, au kwa alama ya kidole pale penye kifaa. Kwa namba za meseji, yeye ndo anazisoma kutoka kwenye simu yake ananitajia, mimi sichukui simu ya mteja mkononi mwangu. Kama hasomi vizuri tunamuita mtu aliyekuja naye. Meseji ikichelewa, kabla ya kulaumu serikali angalia kitochi chako kama kisanduku cha meseji kimejaa, hivi visimu vidogo vikijaa meseji za bahati nasibu na za mitandao havipokei mpya, futa kama ishirini hivi utashangaa inaingia papo hapo.

Zikishakubali, naenda stoo naleta mfuko wenyewe, nauweka chini mbele yake, ndo naskani ule mchoro wa mraba wa QR uliopo kwenye mfuko. Kila mfuko una wa kwake. Mfumo unajua mfuko huu umetoka kampuni gani ukaja kwangu, na kuanzia hapo unajua umeenda kwa nani. Sio ruhusa kuskani mfuko mmoja ukampa mwingine hata kama ni mbolea ileile. Mifuko mitatu, naskani mara tatu.

Hela inakuja mwisho. Kuna mawakala wanapokea hela kwanza halafu mfumo unagoma, sasa mkulima anakaa siku mbili hela yake iko kwa mtu na mbolea hana, ugomvi unaanzia hapo. Mimi nasubiri mpaka muamala ukamilike, napokea hela, natoa risiti, na yeye anapata ujumbe kwenye simu. Soma huo ujumbe ukiwa bado dukani. Idadi ya mifuko iliyoandikwa iwe sawa na iliyo chini mbele yako. Ukikuta umeandikiwa mitano na mbele yako kuna mitatu, usitoke.

Kabla ya kubeba, kagua mfuko. Mshono uwe mmoja, safi. Ukiona matundu mawili mawili ya sindano juu ya mfuko, yaani ulishafunguliwa ukashonwa tena, ukatae. Omba upimwe kwenye mzani kama una wasiwasi, kilo 50 ni kilo 50.

Hela nyingine inatoka wapi? Wewe unalipa sehemu yako, tofauti inabebwa na serikali, ambayo inalipa ikishaona kwenye mfumo kwamba mfuko ulifika kwa mkulima aliyeandikishwa. Ndo maana wakala mwenye akili hawezi kukupa mfuko "bila kuskani, tutamalizana kesho", kwa sababu mfuko ambao haukurekodiwa ni hasara, hakuna wa kuulipia ile tofauti.

Tuhesabu mfano mmoja

Tuchukue yule mama wa simu ya Dar, baada ya kurekebisha. Ana ekari tatu za mahindi. Alikuwa anapiga hesabu ya mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, na kwenye mfumo salio lilimtosha kwa mpango huo. Jumla mifuko sita, mitatu DAP, mitatu Urea. Kwa bei ya 2022/23 ni elfu 70 mara sita, laki nne na elfu ishirini. Nje ya ruzuku msimu ule DAP ilikuwa inacheza kwenye laki na thelathini na Urea laki na ishirini, ungepiga kama laki saba na nusu. Kwa hiyo vocha yake ilikuwa na thamani ya laki tatu na ushee. Kumbuka hiyo namba mtu akija kukuambia mpe namba yako ya mkulima akupe elfu ishirini.

Laki nne hakuwa nayo kwa mkupuo, na wengi hawana. Kitu ambacho hakujua, na wengi hawajui, ni kwamba halazimiki kuchukua yote siku moja. Novemba alichukua DAP tatu akalipa laki mbili na elfu kumi, salio likabaki la mifuko mitatu. Mwishoni mwa Desemba mahindi yamefika magotini, ameuza kuku na maharage kidogo, akarudi akachukua Urea tatu, laki mbili na elfu kumi nyingine, salio sifuri. Kila mara hatua ni zilezile mwanzo mpaka mwisho, namba, jina, kuhakiki, kuskani, hela.

Angalizo moja hapo: kuwa na salio kwenye mfumo hakumaanishi mfuko umewekwa stoo kwa ajili yako. Salio ni haki ya kununua, mzigo ni kitu kingine. Urea huku kwetu inaadimika kuanzia katikati ya Desemba kwa sababu kila mtu anakuzia wiki moja. Kama unaweza kuchukua hata mfuko mmoja wa Urea mapema ukaweka ndani juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu, fanya hivyo. Na kama shamba lako ni nusu ekari au bustani uliza mifuko midogo, ipo ya kilo 25 na chini ya hapo, ila sio kila duka inaletwa.

Inapogoma, na namna ya kujua imegoma wapi

Mfumo ukisema namba haipo, mara nyingi ni tarakimu imekosewa, soma tena taratibu. Ikikataa mara ya pili basi huenda taarifa zako hazijapitishwa kijijini, rudi kwa mtendaji, mimi siwezi kukufungulia.

Ukionekana upo lakini salio ni sifuri na hujanunua kitu, hapo usikubali kuambiwa "mfumo una matatizo". Kuna mambo mawili tu. Ama ekari ziliandikwa vibaya, ama kuna mtu ametumia namba yako. Muombe wakala aangalie kama kuna muamala ulishafanyika na lini. Kama upo, andika tarehe, nenda kwa afisa kilimo wa kata au halmashauri na kitambulisho chako siku hiyohiyo, kwa kuwa mfumo unajua ni wakala gani aliyeskani na mifuko gani. Hiyo ndo faida kubwa ya hii kitu kuliko karatasi, mwizi anaacha nyayo.

Na wizi wenyewe unakujaje? Haujabadilika sana na ule wa karatasi. Mtu anapita kijijini kipindi cha njaa, Oktoba hivi, anakusanya namba za mkulima na simu kwa siku moja, anawapa watu elfu kumi elfu kumi na tano. Anazipeleka kwa wakala asiye na huruma, miamala inafanyika usiku, mifuko inapakiwa kwenye lori inaenda kuuzwa bei ya kawaida au kuvushwa mpaka. Desemba wale wakulima wanakuja dukani kwangu, "Mwanangu niangalizie salio," na mimi naangalia naona sifuri, na ninajua na yeye anajua. Sina la kumsaidia pale. Huyo mzee amelima, amepalilia, na mahindi yameanza kuwa ya njano.

Mtandao ukikata katikati ya muamala, hii naongea na mawakala wenzangu, usirudie kuingiza. Subiri urudi, fungua orodha ya miamala ya siku, angalia kama ule ulikubali. Nimeona mtu amerudia mara tatu kwa haraka, foleni inapiga kelele, kumbe wa kwanza ulishapita, mkulima kakatwa salio mara mbili, na kuurudisha ilichukua wiki nzima ya simu na barua. Mkulima naye asiondoke akaambiwa "njoo kesho" bila kujua kama muamala umeingia au haujaingia, aombe kuonyeshwa kwenye skrini.

Hesabu ya jioni kwa wakala

Kila siku nikifunga, kabla sijala, nahesabu mifuko iliyopo stoo kwa mkono, kwa aina. Tuseme nilipokea DAP 200, mfumo unasema tangu zije nimeuza 57, basi stoo iwepo 143. Nikikuta 141, kuna miwili imetoka bila kuskaniwa, na usiku uleule nafuatilia kwa sababu bado nakumbuka nani alikuja. Kijana wangu wa stoo mara moja alimpakia mteja mifuko mitano badala ya minne kwa kuchanganya oda, tulimfuata kwake asubuhi akaurudisha bila shida maana hata yeye alikuwa hajauhesabu. Ningekaa wiki nisingempata.

Ukikuta iliyopo ni mingi kuliko inavyotakiwa, usifurahi. Maana yake kuna mkulima ameskaniwa mfuko akausahau au hakupewa. Naangalia mauzo ya siku, napiga simu kwa kila aliyechukua aina hiyo, namuuliza mzee, jana umebeba mingapi? Mfuko wake naukalisha pembeni na jina lake limeandikwa kwa makapeni mpaka aje auchukue.